Kumwandikia Mkurugenzi Ombi: Kuheshimu Bila Kujikomba

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika masijala ya halmashauri moja, na barua zilizopita mikononi mwangu kutoka kwa walimu, wauguzi na watendaji wa kata zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilianza kuzitambua kabla ya kuzisoma. Nakumbuka moja iliyoandikwa kwa mkono, kurasa tatu, mwandiko mzuri kabisa. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa kumsifu Mkurugenzi kwa hekima yake na moyo wake wa kibaba; ukurasa wa pili ulieleza shida za nyumbani; na ombi lenyewe, la ruhusa ya kwenda masomoni, lilijificha katikati ya ukurasa wa tatu. Jalada liliporudi kutoka ofisini kwa Mkurugenzi, pembeni mwa barua yalikuwa yameandikwa maneno mawili tu: "Anaomba nini?" Mwandishi aliitwa aandike upya, na mpaka barua ya pili ilipofika, wiki tatu zilikuwa zimepotea.

Mwongozo huu unahusu barua ya namna hiyo, yaani ombi la mtumishi wa ngazi ya chini kwa kiongozi aliye ngazi tatu au nne juu yake. Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari ya kata nchini Tanzania, mwenye stashahada, anayemwomba Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ruhusa ya kwenda kusoma shahada kwa miaka mitatu. Mtu wa kampuni binafsi naye atajiona humo, kwa sababu umbali kati ya karani na mkurugenzi mkuu unafanana popote pale, hata kama njia ya barua inatofautiana kidogo.

Hatua ya kwanza: jua kama unachoomba ni haki au ni hiari

Kabla ya kuandika neno hata moja, jiulize kama unachoomba tayari ni chako kwa mujibu wa sheria na mkataba, au kinategemea uamuzi wa mkubwa. Wengi hujikomba hapa bila kujua, kwa sababu wanaomba haki kwa lugha ya kuomba hisani, na pengine wanaomba hisani kwa lugha ya kudai.

Chukua likizo ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa likizo. Mwajiri ana nafasi ya kupanga siku hizo ziangukie lini, lakini siku zenyewe si zawadi yake. Kwa hiyo mfanyakazi anayeandika "naomba unifikirie kwa huruma yako nipate japo likizo kidogo" ameshajishusha mahali ambapo hakuna aliyemtaka ajishushe, na tena amempa mkubwa wake nafasi ya kudhani kwamba kukataa kunawezekana. Sentensi inayomfaa ni hii: "Naomba kuanza likizo yangu ya mwaka ya siku 28 tarehe 2 Juni, baada ya kukamilisha hesabu za mwezi Mei." Ina adabu yote inayohitajika, na inaacha wazi kwamba kinachojadiliwa ni tarehe.

Hali kadhalika malimbikizo ya mshahara na nauli ambayo haikulipwa. Watu huliogopa neno "madai" wakidhani linanukia ugomvi, ilhali kwa wahasibu ni neno la kila siku na ndilo wanalolitafuta kwenye kichwa cha barua. Andika "madai ya malimbikizo ya mshahara" bila woga, kisha weka kiasi, miezi inayohusika na vielelezo. Ukiandika "naomba msaada wa fedha", barua yako itapelekwa mahali pengine kabisa.

Ruhusa ya masomo iko upande wa pili. Mtumishi hawezi kusema kwamba ni lazima apewe, kwa kuwa mwajiri hutazama mpango wake wa mafunzo, idadi ya watumishi wanaobaki na mahitaji ya kituo. Mwalimu wetu wa fizikia, basi, anaomba jambo ambalo Mkurugenzi anaweza kulikataa kihalali. Hilo linamtaka aandike kwa namna ya kumwezesha Mkurugenzi kukubali, na kumwezesha huko hakuletwi na maneno ya kujidunisha. Kunaletwa na majibu ya maswali ambayo Mkurugenzi atalazimika kuyauliza: Je, yumo kwenye mpango? Nani atafundisha vipindi vyake? Nani analipa ada? Anaondoka lini na anarudi lini?

Hatua ya pili: fuata ngazi

Katika utumishi heshima ya kwanza haimo kwenye maneno, imo kwenye njia ambayo barua imepita. Barua ya mwalimu kwenda kwa Mkurugenzi hupitia kwa Mkuu wa Shule na kwa Afisa Elimu Sekondari, na jambo hilo huonyeshwa chini ya anwani kwa maneno "Kupitia kwa", ambayo wengine huyafupisha kuwa "K.K." Kila anayepitiwa hutia saini, muhuri na maoni yake. Barua inayoruka ngazi, hata ikiwa na maneno matamu namna gani, husomeka kama ya mtu asiyemtambua bosi wake wa karibu, na mara nyingi Mkurugenzi huirudisha chini ili aliyerukwa atoe maoni. Maoni hayo sasa yatatoka kwa mtu aliyeudhika.

Kwa sababu hiyo mwendee kwanza Mkuu wa Shule kwa mdomo, kabla ya kumpelekea karatasi. Mweleze unachokusudia na umuulize kikwazo anachokiona. Mwalimu wetu alipofanya hivyo aliambiwa wazi: "Mimi sina shida, lakini kidato cha nne utaniachia nani mwezi wa kumi?" Swali hilo ndilo lililompa aya muhimu kuliko zote katika barua yake, kama tutakavyoona. Angeandika bila kuuliza, swali lilelile lingejitokeza kwenye maoni ya Mkuu wa Shule kama sababu ya kukataa.

Hatua ya tatu: chagua namna ya kumwita na kumsalimu

Mkurugenzi wa halmashauri huandikiwa kwa cheo chake, na salamu ya barua huwa "Ndugu" au "Ndugu Mkurugenzi". Kama ana shahada ya uzamivu au ni mhandisi, na mwenyewe hujitambulisha hivyo, "Dkt." au "Mhandisi" ni sahihi. "Mheshimiwa" ni neno la waziri, mbunge, jaji, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na diwani. Kumpa mtendaji wa serikali jina hilo kwa kudhani unamwongezea utukufu kunaonyesha ama huujui utaratibu au unajipendekeza, na wakurugenzi niliowaona walikuwa wepesi kuligundua hilo. "Mzee", "Baba" na "Mama" ni maneno mazuri ya ana kwa ana, kwa watu waliozoeana, lakini kwenye karatasi inayoingia katika jalada hayana nafasi.

Salamu ya "Shikamoo" haiandikwi kwenye barua rasmi. Katika ujumbe wa simu huandikwa, na hapo pana jambo la kuangalia. Shikamoo hufuata umri, haifuati cheo. Siku hizi halmashauri nyingi zina wakurugenzi wenye umri wa miaka thelathini na kitu, na nimemwona mwalimu wa miaka 52 akimwamkia "Shikamoo" mkurugenzi kijana, na kijana wa watu akababaika asijue pa kutazama. Mkubwa wa kazi aliye mdogo wako kwa umri humtosha "Habari za kazi, Mkurugenzi" au "Salaam, Mkurugenzi". Ukimwamkia, unakuwa umemwekea mzigo wa kukurekebisha au wa kuipokea heshima ambayo anajua si yake.

Hatua ya nne: weka ombi katika kichwa na katika sentensi ya kwanza

Barua ikifika masijala hugongwa muhuri wa kupokelewa, huwekwa kwenye jalada, hupewa namba ya folio, yaani namba ya nafasi yake ndani ya jalada, kisha hupelekwa mezani pamoja na majalada mengine, pengine thelathini au arobaini kwa siku. Mkubwa anasoma kichwa, aya ya kwanza na maoni ya waliopitiwa, halafu anaandika pembeni: "Afisa Utumishi, nishauri", au "Tujadili", au "Sawa". Kwa hiyo kichwa cha barua lazima kitaje jambo, mhusika na muda. "YAH: OMBI" hakisemi kitu, na "YAH: OMBI LA KUSAIDIWA" ni kibaya zaidi. Kinachofaa ni "YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO YA SHAHADA KWA MIAKA MITATU". Kenya wengi huandika KUH badala ya YAH, na kazi yake ni ileile.

Sasa hivi huenda unasubiri nikuambie uanze na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Ni mazoea makubwa, hakuna atakayekuadhibu kwa kuyatumia, lakini yasikilize vizuri: mtumishi wa chini anamwamuru mkubwa wake "husika". "Kichwa cha habari hapo juu chahusika" ni laini zaidi. Mimi nashauri uyaache yote mawili na uingie moja kwa moja, kwa kuwa kichwa tayari kipo na macho yameshakiona.

Sentensi ya kwanza ikutambulishe na itaje ombi kwa pamoja: "Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika Shule ya Sekondari ………, mwenye namba ya hundi ………, na naomba ruhusa ya kwenda masomoni kwa miaka mitatu kuanzia tarehe 20 Oktoba." Kuna waliolelewa kuamini kwamba kumfikia mkubwa moja kwa moja hivi ni utovu wa adabu, kwamba lazima uzunguke kwanza, uulize hali na umsifu, ndipo useme haja yako. Sebuleni kwa mzee wa ukoo hilo ni kweli. Mezani penye majalada arobaini, adabu ni kutompotezea mtu muda.

Hatua ya tano: pima vitenzi

Kiswahili kina bahati moja katika jambo hili, kwamba neno "naomba" peke yake lina heshima kamili. Mtu huenda dukani akasema "naomba sukari nusu kilo" na hakuna anayemwona ombaomba. Kwa hiyo "naomba" moja, au mbili katika barua nzima, zinatosha. Zikifika tano, na zikiongezwa "sana", "tafadhali sana", "nakusihi" na "chonde", barua imeacha kuomba na imeanza kubembeleza. Nilipokuwa nikiwasaidia watu kuandika niliwapa kalamu wazungushie kila "naomba" waliyoiandika, na wengi walishangaa wenyewe.

Upande wa pili wa mizani kuna vitenzi vinavyomkalia mkubwa vibaya. "Nataka" na "nahitaji" ni vikali kwa barua ya kwenda juu. "Uhakikishe", "unatakiwa" na "usikose" ni maneno ya anayetoa maagizo. Hata "unisainie" ni amri iliyovaa koti, tofauti na "naomba uidhinishe" au "naomba idhini yako". Vitenzi vinavyomfaa mkubwa ni vile vinavyotaja kazi yake halisi: kuidhinisha, kuridhia, kutoa kibali, kutoa maelekezo. Ukivitumia unaonyesha kwamba unajua uamuzi ni wake, na hujalazimika kusema kwamba wewe ni mdogo.

Neno jingine linalosaidia sana ni "ofisi yako". "Ningeshukuru kupata maelekezo ya ofisi yako" ni tofauti na "ningeshukuru ukinisaidia". La kwanza linazungumza na mamlaka yenye taratibu, la pili linamwelekea mtu binafsi na wema wake. Lisirudiwe katika kila mstari, maana nalo huchosha, lakini mahali pamoja au pawili linaondoa kabisa harufu ya kujipendekeza.

Hatua ya sita: ondoa yale matano

Yapo mambo matano ambayo nikiyaona kwenye rasimu huyakata kwa kalamu. Manne yanaelezeka haraka. Sifa za mkubwa hazina kazi katika barua ya ombi; kama una shukrani ya kweli kwa jambo alilolifanya, mwandikie barua nyingine siku nyingine. Kuomba radhi kabla ya kosa, kama "naomba radhi kwa usumbufu", humwambia msomaji kwamba hata wewe unaona ombi lako ni usumbufu. Kujitukana, kama "mimi mtumishi wako duni", humwaibisha anayesoma. Na kumtwika Mungu malipo, kama "Mungu atakulipa kwa kunitendea hili", humfanya mkubwa aonekane anatenda fadhila, wakati anachofanya ni kazi yake.

La tano linataka nafasi zaidi, nalo ni ahadi ya shukrani. Watu wema kabisa huandika "sitakusahau", au "nitajua namna ya kukushukuru", bila nia yoyote mbaya. Lakini barua hiyo inaingia kwenye jalada, na jalada linaweza kusomwa na mkaguzi miaka mitano baadaye. Maneno yaleyale ambayo mwandishi aliyaona ni ya adabu, kwa mtu mwingine yanasomeka kama dokezo la hongo, na Mkurugenzi mwangalifu ataogopa kuidhinisha ombi lenye sentensi kama hiyo hata kama linastahili. Shukrani katika barua ya ombi iishie hapa: "Natanguliza shukrani."

Shida za nyumbani je? Zitaje pale tu zinapokuwa sababu ya ombi. Anayeomba uhamisho kwa ajili ya matibabu ya mtoto atataja ugonjwa kwa sentensi moja au mbili na kuambatisha barua ya hospitali. Anayeomba masomo hana sababu ya kueleza deni la nyumba wala idadi ya ndugu anaowasomesha. Kipimo changu ni kuuliza: Afisa Utumishi akiandika ushauri wake kwa Mkurugenzi, je, ataitumia sentensi hii? Kama hataitumia, iko pale kwa ajili ya kuombea huruma.

Hatua ya saba: taja tarehe ya mwisho bila kuamuru

Wengi hukwama hapa, kwa sababu kumpa mkubwa tarehe ni kama kumpangia kazi. Wengine huiacha kabisa kwa woga, na jibu huja baada ya chuo kufunga usajili. Njia ni kutaja chanzo cha tarehe kilicho nje yenu wote wawili, kisha kuliacha ombi lifuate lenyewe: "Chuo kinafunga usajili tarehe 25 Oktoba. Kwa sababu hiyo ningeshukuru kupata maelekezo ya ofisi yako kabla ya tarehe 10 Oktoba." Msukumo umetoka chuoni, haukutoka kwako. Ila njia hii ina sharti: barua iwe imefika mapema. Ukipeleka tarehe 3 Oktoba ombi linalotaka jibu tarehe 10, hakuna ufundi wa maneno utakaokuokoa, maana tayari umemwonyesha mkubwa kwamba muda wake hukuuhesabu. Mwalimu wetu aliipeleka barua yake katikati ya Agosti.

Barua yenyewe

Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa unyenyekevu mkubwa napenda kuchukua nafasi hii adhimu kukupongeza kwa kazi nzuri unayoifanya. Mimi mtumishi wako nakuja mbele yako nikiwa na ombi langu, nikijua wewe ni mzazi na hutaniacha. Naomba sana sana unisaidie nikajiendeleze kielimu, kwani ni ndoto yangu ya muda mrefu. Naomba radhi kwa usumbufu. Sitakusahau."

Maneno kama sitini, na Mkurugenzi bado hajui ni masomo gani, ya muda gani, yanaanza lini, wala nani atabaki na wanafunzi. Baada ya mazungumzo na Mkuu wa Shule, na baada ya kuiandika mara mbili zaidi, barua ilisimama hivi:

"Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………,
S.L.P. ………

Kupitia kwa:
Afisa Elimu Sekondari

Kupitia kwa:
Mkuu wa Shule

Ndugu,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO YA SHAHADA KWA MIAKA MITATU

Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika Shule ya Sekondari ………, mwenye namba ya hundi ………, na naomba ruhusa ya kwenda masomoni kwa miaka mitatu kuanzia tarehe 20 Oktoba mwaka huu. Nimedahiliwa kusoma Shahada ya Sayansi na Elimu, na jina langu limo katika mpango wa mafunzo wa halmashauri kwa mwaka huu wa fedha.

Nafundisha vipindi 24 kwa wiki katika kidato cha tatu na cha nne. Mada za kidato cha nne nitakuwa nimezikamilisha mwishoni mwa Agosti, na mazoezi ya mtihani wa vitendo nitayamaliza kabla ya tarehe 15 Oktoba. Mwalimu mwenzangu wa Fizikia amekubali kusimamia marudio ya kidato cha nne hadi mtihani wa taifa. Vipindi vya kidato cha tatu havijapata mwalimu, na Mkuu wa Shule ameeleza mapendekezo yake katika maoni yaliyoambatishwa.

Ada ya masomo nitailipa mwenyewe. Chuo kinafunga usajili tarehe 25 Oktoba. Kwa sababu hiyo ningeshukuru kupata maelekezo ya ofisi yako kabla ya tarehe 10 Oktoba.

Nimeambatisha barua ya udahili, barua ya kuthibitishwa kazini na nakala ya ukurasa wa mpango wa mafunzo.

Natanguliza shukrani.

Wako katika utumishi,"

Itazame ile sentensi inayosema vipindi vya kidato cha tatu havijapata mwalimu. Mwandishi alitaka kuifuta, akihofia kwamba amejichongea. Nilimshauri aiache. Mtu anayejikomba huficha pengo na kutumaini huruma italiziba. Mtu anayeheshimu uamuzi wa mkubwa wake humpa habari kamili, pamoja na ile isiyompendelea, kwa sababu Mkurugenzi atalijua pengo hilo kwa vyovyote, na afadhali alijue kutoka kwako. Zaidi ya hayo, sentensi hiyo iliwafanya maafisa waanze kujadili ni mwalimu yupi ahamishiwe pale kwa muda, badala ya kujadili kama ruhusa itolewe.

Kuhusu hitimisho, "Wako mtiifu" ni kanuni ya zamani ambayo wengi tulifundishwa shuleni, na ukiitumia hujajidhalilisha, kwa kuwa kila mtu huisoma kama muhuri tu. "Wako katika ujenzi wa taifa" nayo imezoeleka. Kinachokosewa ni kuiongezea mapambo, kama "wako mtiifu sana na mnyenyekevu daima".

Kama njia ni simu au ana kwa ana

Usitume ombi la msingi kwa ujumbe wa simu, hata kama namba ya Mkurugenzi unayo na aliwahi kukujibu. Ujumbe unafaa kwa jambo moja, yaani kuomba nafasi ya kuonana, au kuarifu kwamba barua imeshafika. Utumwe saa za kazi, uwe mmoja, na kila kitu kimo ndani yake: "Habari za kazi, Mkurugenzi. Mimi ni mwalimu wa Fizikia, Sekondari ya ……… Naomba dakika kumi za kuonana nawe wiki hii kuhusu ombi langu la ruhusa ya masomo la tarehe 14 Agosti. Nipo tayari siku na saa itakayokufaa." Usitume salamu tupu ukasubiri ajibu ndipo ueleze shida. Mkubwa anayekuta "Mambo vipi bosi" kutoka namba asiyoijua huiacha palepale.

Ukiitwa, pitia kwa katibu muhtasi, kaa utakapoambiwa ukae, na useme haja yako kwa sentensi zilezile ulizoziandika. Inamisha kichwa kwa salamu, halafu kiinue. Ongea kwa sauti ya kawaida. Ukiulizwa swali usilolijua, sema "Hilo sina uhakika nalo, nitalithibitisha na kukuletea kesho kupitia kwa Mkuu wa Shule", kisha lilete kweli.

Baada ya kupeleka

Wiki mbili zikipita kimya, mahali pa kwanza pa kuuliza ni masijala, siyo kwa Mkurugenzi. Taja tarehe ya barua na uulize jalada liko kwa nani. Mara nyingi utakuta limekaa kwa afisa anayesubiri kielelezo ambacho hukukiambatisha, na jambo linaisha siku hiyohiyo. Kama jalada liko mezani kwa Mkurugenzi na tarehe yako inakaribia, andika barua fupi ya kukumbushia, kwa ngazi zilezile: "Rejea barua yangu ya tarehe 14 Agosti kuhusu ombi la ruhusa ya masomo. Naomba kukumbushia kwamba usajili wa chuo unafungwa tarehe 25 Oktoba, na bado nipo tayari kuleta maelezo yoyote ya ziada yatakayohitajika." Usieleze ulivyoumia kwa kusubiri, na usianze kuomba radhi kwa kukumbusha.

Likija jibu la kukataa, lisome mara mbili uone limekataa nini hasa. Mwalimu wetu alijibiwa kwamba ruhusa haikutolewa kwa Oktoba hiyo kwa sababu ya upungufu wa walimu wa sayansi. Barua haikusema kwamba hastahili, wala haikusema kwamba hataruhusiwa kamwe. Aliandika mistari mitatu: kwamba amepokea barua na kutaja kumbukumbu namba yake, kwamba ameomba chuo kiahirishe udahili wake hadi mwaka unaofuata, na kwamba anaomba jina lake libaki katika mpango wa mafunzo wa mwaka huo, huku Mkuu wa Shule akiendelea kuomba mwalimu wa kidato cha tatu. Nakala ya barua ya chuo ya kukubali kuahirisha aliiambatisha nyuma, na barua hiyo ikawa folio inayofuata katika jalada lilelile.